Jinsi ya kusoma utafiti wa dawa bila kudanganywa na asilimia: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa famasia na uuguzi hapa Dodoma, wahudumu wa maduka ya dawa, na yeyote anayetumiwa PDF ya utafiti kwenye WhatsApp kisha akaulizwa, "Hii ni kweli?" Maswali yanayotufikia ni yale yale. Wagonjwa 36 wanatosha? Kundi la kulinganisha lina kazi gani? Kama wameandika asilimia 70 wamepona, kuna ubishi gani tena?

Tutafanya kazi kwa mfano mmoja wa kweli, mwanzo hadi mwisho: utafiti wa haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa Uviko-19 uliofanyika Marseille, Ufaransa, ukachapishwa Machi 2020. Ulikuwa mdogo, ulienea dunia nzima ndani ya siku chache, na karibu kila kosa la msomaji mgeni linaonekana humo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Makala kamili. Muhtasari pekee hautoshi. Makala nyingi zinapatikana bure kwenye PubMed Central. Ukiwa chuoni, muulize mkutubi kuhusu Hinari, mpango wa WHO wa kufungulia vyuo majarida ya afya.
- Karatasi mbili na kalamu. Usisomee kichwani.
- Kikokotoo cha simu. Utajumlisha, utatoa na utagawanya, basi.
- Saa moja isiyo na wateja.

Huhitaji kujua takwimu za chuo kikuu. Unahitaji kuhesabu watu na kuuliza wametoka wapi.

Hatua ya 1: Hakikisha makala bado iko hai

Tafuta jina la makala kwenye PubMed. Kama jarida limeiondoa, utaona neno `Retracted` kwenye kichwa chake au kisanduku cha tahadhari juu ya ukurasa. Ile ya Marseille iliondolewa rasmi Desemba 2024, zaidi ya miaka minne baada ya kuchapishwa. PDF iliyohifadhiwa kwenye simu ya mtu tangu 2020 haitakuambia hilo, kwa hiyo usianzie kwenye PDF uliyotumiwa. Anzia kwenye ukurasa wa jarida au PubMed.

Hatua ya 2: Andika swali la utafiti kwa sentensi moja

Ruka utangulizi na hitimisho. Nenda sehemu ya `Methods` uandike kwa maneno yako: wagonjwa gani, dawa gani kwa dozi gani, wamelinganishwa na nani, kimepimwa nini, siku ya ngapi.

Kwa mfano wetu: wagonjwa waliolazwa wakiwa na Uviko-19 walipewa haidroksiklorokwini miligramu 200 mara tatu kwa siku, wakalinganishwa na wagonjwa ambao hawakupewa, ikaangaliwa kama virusi bado vinaonekana kwenye sampuli ya puani na kooni siku ya 6.

Isome tena sentensi hiyo. Neno "kupona" halimo, wala "kufa". Ukishindwa kuiandika baada ya kusoma `Methods` mara mbili, mara nyingi kosa si lako. Waandishi hawakusema wazi walichokuwa wanapima.

Hatua ya 3: Hesabu watu, kuanzia mlangoni

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayofichua mengi kwa muda mfupi. Chora mstari juu ya karatasi, andika idadi ya walioingia. Chini yake gawa makundi. Chini ya kila kundi andika walioishia kwenye hesabu ya mwisho. Kisha toa.

Muhtasari wa makala ya Marseille unaongelea wagonjwa 36: 20 waliopewa dawa na 16 wasiopewa. Lakini ndani ya matokeo unakuta walioanza walikuwa 42, maana kundi la dawa lilikuwa na watu 26. Sita wamekwenda wapi?

Makala yenyewe inawataja. Watatu walihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mmoja alifariki. Mmoja aliondoka hospitalini. Mmoja aliacha dawa kwa sababu ya kichefuchefu. Wote sita waliondolewa kwenye hesabu, na wote sita walitoka upande wa dawa.

Shika kikokotoo. Waliosafika virusi siku ya 6 katika kundi la dawa ni 14. Gawa kwa 20, unapata asilimia 70, ile iliyosambaa. Gawa kwa 26 walioanza, unapata karibu asilimia 54. Hesabu ya pili ndiyo ya haki, kwa sababu mgonjwa anayepewa dawa leo hajui kama yeye ni wa kundi la 20 au la wale sita. Sasa angalia upande mwingine: katika watu 26 waliopewa dawa, wanne waliishia kuwa mahututi au kufa. Katika 16 wasiopewa, hakutajwa hata mmoja.

Hii haimaanishi dawa iliwaua. Maana yake ni kwamba habari nzito kuliko zote kwenye makala hii imekaa kwenye orodha ya walioondolewa, wala haiko kwenye grafu.

*Kosa la kawaida:* kuamini kwamba walioacha utafiti ni sawa na ambao hawakuwahi kuwepo. Tafuta maneno `lost to follow-up` au `excluded`, kisha soma sababu moja moja. Wachache waliohama mji si tatizo. Wakiwa wamezidiwa, una tatizo kubwa.

Hatua ya 4: Uliza makundi yaligawanywaje

Kaa hapa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Fikiria mkulima wa alizeti Kongwa anayetaka kujua kama mbegu mpya ni bora kuliko ya zamani. Mbegu mpya akaipanda bondeni penye udongo wa mbuga unaoshika maji, ya zamani akaipanda kilimani kwenye kichanga. Akivuna magunia mengi bondeni, amejifunza nini kuhusu mbegu? Hakuna, kwa sababu hawezi kutenganisha kazi ya mbegu na kazi ya udongo. Hata akipanda ekari 100 kila upande, bado hajui. Ukubwa wa shamba hauponyi ubaya wa ulinganishaji.

Dawa ni vilevile. Kundi la kulinganisha linatuonyesha nini kingetokea bila dawa, hasa kwa ugonjwa ambao wengi hupona wenyewe. Lakini linafanya kazi hiyo tu kama watu wake wanafanana na wa kundi la dawa kwa kila kitu kingine. Njia ya kuaminika ya kupata hilo ni kupiga kura: kompyuta inaamua nani anapewa dawa, na daktari hawezi kujua wala kubadilisha kabla mgonjwa hajaingia. Kwenye makala utaona neno `randomised` au `randomized`, bila `non-` mbele yake. Usipoliona, dhani kura haikupigwa.

Marseille hawakupiga kura. Waliopewa dawa walitibiwa hospitali ya Marseille. Kundi la kulinganisha lilikuwa la wagonjwa wa vituo vingine, pamoja na waliokataa dawa au wasiofaa kuipata. Yaani udongo wa bondeni na wa kilimani. Fungua `Table 1`, jedwali linaloeleza wagonjwa walikuwaje mwanzoni: wastani wa umri wa waliopewa dawa ni miaka 51, wa kundi la kulinganisha ni 37. Tofauti ya miaka 14.

Msomaji makini atasema, "Lakini wazee ndio walipewa dawa, kwa hiyo dawa ilikuwa na kazi ngumu zaidi." Inawezekana. Tatizo ni kwamba tofauti unayoiona ni dalili tu ya zile usizoziona: siku ngapi tangu waugue, wamepimwa kwa maabara ipi, kwa utaratibu gani. Hilo la kupima halikuwa dogo hapa. Kwenye jedwali la nyongeza utaona herufi `ND` kwa baadhi ya wagonjwa wa kundi la kulinganisha, yaani hawakupimwa siku hiyo. Kundi moja linapopimwa kwa bidii kuliko jingine, hata maji ya kisima yanaweza kuonekana dawa.

Maswali matatu ya kuandika kwenye karatasi yako:

1. Nani aliamua mgonjwa huyu aingie kundi gani?
2. Makundi yote yalitibiwa mahali pamoja, kipindi kimoja?
3. Aliyepima matokeo alijua nani kapewa dawa?

La tatu lina uzito tofauti kulingana na kinachopimwa. Maumivu, uchovu na "kujisikia nafuu" hubadilika mtu akijua amemeza dawa mpya, ndiyo maana hutumika vidonge bandia vinavyofanana na dawa. Kifo hakibadiliki kwa maoni ya mtu.

*Kosa la kawaida:* kutosheka kwamba "kundi la kulinganisha lipo." Uliza limetoka wapi.

Hatua ya 5: Sasa ndipo uangalie idadi

Wageni huanza hapa: "Watu 36 tu? Tupa." Tunashauri usiharakishe. Kwenye makala ya Marseille tofauti ilikuwa 14 kati ya 20 dhidi ya 2 kati ya 16. Pengo la namna hiyo haliji kirahisi kwa bahati, hata kwa watu wachache, na thamani ya p waliyoandika ni 0.001. Lakini p inajibu swali moja tu: je, pengo hili lingeweza kutokea kwa bahati kama dawa haifanyi lolote? Haiulizi kama makundi yalikuwa ya haki. Utafiti huu uliharibiwa zaidi na hatua ya 3 na ya 4 kuliko udogo wake.

Udogo unaumiza kwa njia mbili.

Kwanza, jibu linakuwa pana mno. Kwa 14 kati ya 20, ukweli unaoendana na namba hizo unaweza kuwa popote kati ya asilimia 46 na 88, takriban. Makala nzuri huandika upana huo kama `95% CI`. Isome kama umbali kati ya vigingi viwili: vikikaribiana, wanajua wanachosema, vikiachana sana, wanakisia.

Pili, madhara adimu hayaonekani. Kuna kanuni rahisi ya kukumbuka: kama hakuna hata mgonjwa mmoja aliyepata dhara fulani, gawa 3 kwa idadi ya wagonjwa. Jibu ni kiwango cha juu ambacho dhara hilo bado linaweza kuwa nacho.

```
3 / 20   = 0.15   (asilimia 15)
3 / 300  = 0.01   (asilimia 1)
3 / 3000 = 0.001  (asilimia 0.1)
```

Kwa hiyo "hatukuona dhara lolote kubwa kwa wagonjwa 20" inakubaliana kabisa na dawa inayomdhuru mtu mmoja katika kila saba. Mteja akikuambia dawa fulani "haina madhara, imepimwa," muulize imepimwa kwa wangapi, kisha ufanye hesabu hiyo mbele yake.

Idadi ipi inatosha, basi? Inategemea ukubwa wa tofauti unayoitafuta. Chukua utafiti wa AQUAMAT uliochapishwa 2010, uliolinganisha sindano ya atesuneti na kwinini kwa watoto wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Watoto walikuwa 5,425, waligawanywa kwa kura. Upande wa atesuneti walifariki 230 kati ya 2,712, asilimia 8.5. Upande wa kwinini walifariki 297 kati ya 2,713, asilimia 10.9.

Sasa jaribu kuufanya utafiti huo kwa watoto 100 kila upande. Ungetarajia vifo 8 au 9 upande mmoja na 11 upande mwingine. Nani angethubutu kubadili matibabu kwa tofauti ya watoto wawili au watatu? Tofauti ya kweli ingekuwepo, ila isingeonekana. Kwa hiyo utafiti mdogo ukisema "hatukuona tofauti," usisome "hakuna tofauti."

Hatua ya 6: Geuza asilimia kuwa watu

Matokeo hayo hayo ya AQUAMAT yanaweza kuandikwa "vifo vimepungua kwa asilimia 22.5" au "vifo vimepungua kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5." Zote ni kweli, ila ya kwanza inasikika kubwa. Toa ndogo kutoka kubwa, kisha gawa 100 kwa jibu: unapata 41 na ushei. Yaani katika kila watoto 41 wanaotibiwa kwa atesuneti badala ya kwinini, mmoja zaidi anaokoka. Kwa ugonjwa unaoua kama malaria kali, hilo ni jambo kubwa sana. Kwa dawa ya mafua inayomwondolea mtu mmoja kati ya 41 siku moja ya kukohoa, namba hiyo hiyo ni ndogo. Usikubali asilimia ya "kupungua" bila kuambiwa imepungua kutoka ngapi.

Hatua ya 7: Uliza kilichopimwa kinamhusu mgonjwa kiasi gani

Marseille walipima virusi kwa kipimo cha PCR. Mgonjwa anataka kupumua, kutoka hospitalini na kuishi. Virusi puani ni kiashiria tu, na kiashiria kinaweza kwenda njia yake. Mfano uko ndani ya makala hiyo hiyo: yule mgonjwa aliyefariki siku ya tatu alikuwa amepimwa siku ya pili, na kipimo kilionyesha hana virusi. Kwa kipimo cha waandishi alikuwa anakwenda vizuri.

Tafuta pia namba ya usajili wa jaribio, mara nyingi inaanza na `NCT` au `PACTR`. Iandike kwenye sajili husika uone waandishi walisema watapima nini kabla ya kuanza. Kama walisajili kifo cha siku ya 28 halafu makala inasifia kushuka kwa homa siku ya 3, wamehamisha goli.

Hatua ya 8: Andika kisichothibitishwa

Chukua karatasi ya pili. Juu andika "Utafiti huu hauthibitishi kwamba…" kisha jaza angalau mistari mitatu. Fanya hivyo hata kwa utafiti bora, maana huo ndio unaotushawishi kuvuka mpaka.

Mfano: RECOVERY, jaribio la Uingereza lililotoa jibu kubwa kuhusu haidroksiklorokwini mwaka huo huo wa 2020. Kwa kura, wagonjwa 1,561 walipewa dawa na 3,155 wakapata matibabu ya kawaida. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 27.0 upande wa dawa na asilimia 25.0 upande wa pili. Uwiano wa kasi ya vifo kati ya pande hizo ulikuwa 1.09, na `95% CI` kutoka 0.97 hadi 1.23. Namba 1 maana yake hakuna tofauti, na 1 imo ndani ya vigingi.

Karatasi ya pili inakuwa hivi. Utafiti huu hauthibitishi kwamba dawa iliongeza vifo, kwa sababu 1 imo ndani. Unaonyesha tu kwamba kama kuna faida kwa waliolazwa, haiwezi kuwa kubwa. Hauthibitishi lolote kuhusu kujikinga kabla ya kuugua, kwa kuwa wote walikuwa wamelazwa. Hausemi lolote kuhusu dozi ndogo, maana dozi yao ilikuwa kubwa kuliko ya Marseille. Na haugusi matumizi mengine ya dawa hiyo: mgonjwa wa lupasi anayeimeza kwa maagizo ya daktari asiiache kwa sababu ya jaribio la Uviko.

Ukikwama

*Hakuna kundi la kulinganisha kabisa.* "Tuliwapa wagonjwa 80, 78 wakapona." Andika pembeni: wangapi wangepona bila dawa? Kama makala haijibu, haijapima dawa. Imehesabu waliopona.

*Umepata muhtasari tu.* Unaweza kufanya hatua ya 1 na ya 2, na baadhi ya hatua ya 5. Usitoe hukumu, maana waliopotea na `Table 1` havimo kwenye muhtasari.

*Tafiti mbili zinapingana.* Usihesabu tu kila upande una makala ngapi. Ziweke kando kwa kando kwenye hatua ya 4. Ile iliyogawa kwa kura na kupoteza watu wachache ina uzito zaidi, hata kama nyingine tano za upande wa pili hazikupiga kura.

*Dawa ilifanya kazi kwa kikundi kidogo ndani ya utafiti.* Marseille, waliopewa pia azithromaisini walisafika wote, asilimia 100. Hesabu watu: walikuwa sita. Wala hawakuchaguliwa kwa kura. Asilimia ikiwa ya kupendeza mno, rudi kwenye idadi yake.

*Mteja amesimama dirishani na simu mkononi.* "Dada, hii wamesema inaponya asilimia 70, mnayo?" Huna saa moja. Muombe akuoneshe makala, tafuta vitu viwili tu: neno `randomised`, na idadi ya walioanza dhidi ya waliohesabiwa. Visipokuwepo au visipolingana, mjibu hivi: "Waliofanya hiyo kazi hawakulinganisha watu wanaofanana, na wengine waliozidiwa wakawatoa kwenye hesabu. Siwezi kukuuzia kwa hiyo asilimia 70. Niambie unaumwa nini."